Majina Mawili kwenye Simu Moja

Siku Maman alipokufa, sambaza zake, dagaa wa Ziwa Kivu, zilikuwa bado zinakauka juu ya bati, na paka wa jirani alizimaliza kabla sisi hatujamaliza kulia. Ninavyomjua Maman, angemtwanga yule paka kandambili kwanza, halafu ndiyo afe. Lakini moyo wake haukumpa nafasi. Alianguka mlangoni na kikapu mkononi, akiwa ametoka kugombana na wauza nyanya, na nina hakika alikuwa ameshinda.

Jina lake lilikuwa Nzigire. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, Kongo, na alikuwa akivuka mpaka na bidhaa zake tangu mimi sijazaliwa. Papa, Vénuste, ni Mnyarwanda aliyekulia Uvira, akarudi huku Rwanda na kufanya kazi ya ufundi Muganza hadi alipostaafu. Ni mtu anayeweza kufungua injini ya lori na kuirudisha. Baada ya mazishi tuligundua kwamba hajui chumvi inakaa wapi.

Hakujua pia namna ya kujiandikisha kwenye kituo cha afya. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa kila mwezi, yeye wa sukari na Maman wa presha, na Maman ndiye aliyebonyeza tableti, ile kompyuta bapa ya mapokezi, kwa ajili yao wote. Dawa za Papa ziliisha wakati wa matanga, naye hakusema. Alikunywa maji kama ng'ombe, akawa anakwenda chooni kila mara, na tulipomuuliza alisingizia chai ya waombolezaji. Mwishowe macho yake yakaanza kuona ukungu. Nikamwambia tunakwenda kituoni, atake asitake.

Tableti imesimama mlangoni kwenye mguu wa chuma. Unaandika namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa, inakuonyesha jina, unaligusa, inatoa karatasi yenye namba ya foleni. Kwa anayeshindwa kuna kitufe kikubwa cha njano, MSAADA, kinachomwita Donatien wa mapokezi. Donatien ni mnene na anapenda kucheka, lakini anakuja.

"Papa, tubonyeze ile ya njano," nikasema.

"Msaada ya nini? Mimi nilikuwa natengeneza mashini kubwa kuliko hii. Kaa kule, Antoinette. Mama yako hakukuwa na secrétaire."

Nikaenda kukaa. Nilimwona akipangusa kidole kwenye suruali, akaandika polepole, akasimama anatazama. Karatasi ikatoka. Akaandika tena. Safari hii alichelewa, kwa sababu alikuwa anaikunja ile karatasi vizuri ili aitie mfukoni, na tableti ikiachwa bila kuguswa hufuta kila kitu, mtu wa nyuma asije akasoma habari zako. Kijana wa nyuma akasema, "Mzee, imejizima, unamuombea?" Papa akaona aibu, akaja kukaa na karatasi moja.

Muuguzi Elikia alitoka akaita namba. Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Ndipo akasoma kwenye kompyuta yake ndogo na kuita jina.

"Nzigire! Nzigire iko wapi?"

Jirani yetu Maman Mukengere, aliyekuwa benchi la mbele, alidondosha mkoba. "Yezu wangu! Ule tulimuzika! Mimi mwenyewe nilikula wali ya matanga!"

"Na ulirudia mara mbili," akasema mtu nyuma.

Benchi nzima ikageuka kutazama mlango, kana kwamba Maman angeingia akiwa na kikapu. Papa akasimama polepole, akainua mkono kama mwanafunzi. "Présent," akasema.

Nikamfuata mbio mpaka chumbani. Elikia ni mgeni pale, hakuwajua wazazi wangu. Kwa bahati nzuri hakuuliza, "Wewe ni Nzigire?" Maana wazee hujibu ndiyo kwa kila swali la daktari ili watoke haraka. Aliuliza vizuri.

"Mzee, niambie jina lako na tarehe ya kuzaliwa, wewe mwenyewe."

"Vénuste. Tarehe moja, mwezi wa kwanza, elfu moja mia tisa hamsini na sita."

Elikia akatazama kioo cha kompyuta. Tarehe ilikuwa sawasawa. Jina halikuwa. "Hapa imeandikwa mwanamuke," akasema, na akaweka chini kipimo cha presha bila kumgusa Papa. "Hatuendelee mpaka tujue uko nani."

Akaja Donatien, akaomba kitambulisho cha Papa, akakisoma, akatazama kioo, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Ilikuwa rahisi kuelewa. Wazazi wangu walikuwa na simu moja. Na wote wawili walizaliwa Januari mosi ya mwaka uleule, kwa sababu siku za kuandikishwa hakuna aliyejua siku yake, na makarani wa pande zote mbili za mpaka walikuwa na tarehe moja ya kugawa. Nusu ya wazee wa wilaya yetu ya Rusizi wana sherehe siku hiyo, na hakuna anayepata keki. Kwa hiyo namba ile na tarehe ile vilileta majina mawili, la Maman juu, la Papa chini.

"Mzee," Donatien akauliza, "ulibonyeza jina ya juu kwa nini?"

"Nzigire alikuwa anaanza na ya kwake. Kisha yangu. Nilifanya vile yeye anafanya." Papa alijitazama viatu. "Ningeanza na yangu, angenigombeza."

Donatien akavuta kiti.

"Sikia, Mzee. Leo naweza kufuta hii, naandika ni makosa ya kujiandikisha, halafu nakuingiza kwa jina yako. Dawa utapata. Lakini mwezi ujao mashini italeta tena majina mbili. Siku moja utakutana na muntu amechoka, hatauliza muzuri, atakupa dawa ya presha ya Maman na sukari yako itabaki kule juu. Ili jina yake isitokee pale mlangoni, lazima familia iniambie kama ameenda wapi."

"Mutararua dosye yake?" Papa akauliza.

"Hapana. Faili tunaifunga tu. Kila kitu kinabaki ndani."

"Hata ile siku alitukana dokteri?"

"Ile iliandikwa na wino nyekundu, Mzee."

Papa akacheka. Tangu mazishi alikuwa akisema Maman "hayupo", "amechelewa", "yuko kule". Nikafungua mdomo nimsaidie. Akanizuia kwa mkono.

"Nzigire alikufa," akasema. "Andika. Alikufa bila deni ya mutu, na paka ikakula sambaza yake."

"Ya paka haina nafasi ya kuandika," Donatien akasema kwa sauti ya chini. Akatuomba tumletee cheti cha kifo kutoka ofisi ya serikali ya sekta yetu, kwa sababu neno letu peke yake halitoshi kufunga faili. Kisha akafuta foleni ya Maman, akamwandikisha Papa kwa kitambulisho chake, na Elikia akamtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu kiasi kwamba alitoka nje kumwita daktari. Tulikaa pale hadi jioni. Papa aliulizwa jina lake na kila aliyeingia, na kila mara alijibu kwa ukali zaidi.

Cheti tulikipeleka wiki iliyofuata.

Papa sasa hubonyeza kitufe cha njano, na Donatien humwandikisha kwa kitambulisho. Simu ni ileile ya Maman. Ukiandika namba yake na Januari mosi, linatokea jina moja.