Dakika Moja na Sekunde Kumi na Mbili

Simu ya Hassan iliwaka, ikaonyesha nembo ya kampuni, ikazima. Ikawaka tena, nembo ile ile, ikazima. Tangu alfajiri ilikuwa inafanya hivyo, na kila mara Hassan alijiambia sasa itapita.

Siku nyingine angeitupa kwenye droo ya visu akaendelea kukata nyama. Lakini leo ilikuwa arobaini ya mkewe, Zuleka. Zuleka alimtumia voisi ya WhatsApp kutoka wodini, ya dakika moja na sekunde kumi na mbili, wakati yeye yuko buchani na mikono imejaa mafuta ya kondoo. Hassan alisema atasikiliza wateja wakipungua. Hospitali ikapiga kabla hawajapungua. Tangu hapo aliogopa kuifungua, maana huenda mle ndani mkewe alikuwa akimwita. Simu ya marehemu ilikwisha kufutwa na kupewa dada yake kule Maua, kwa hiyo voisi ilibaki moja tu duniani, nayo ilikuwa humu. Alikuwa amewaahidi watoto kwamba leo, kabla ya hitima ya alasiri, ataisikiliza.

Alimpelekea Kagwiria, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko la Gakoromone.

"Kwanza tuilazimishe kuwaka upya," Kagwiria alisema. Akafinya kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, akahesabu hadi kumi na tano. Skrini ikawa nyeusi. Hassan akashusha pumzi. Nembo ikarudi, ikazima.

"Hii batani yako ni ngumu, mzee."

"Ni ya zamani. Endelea."

Sasa akashika cha kuwashia na cha kuongeza sauti mpaka ikatokea menyu ya maandishi madogo. "Hii ni recovery. Hapa tunaweza kurekebisha bila kuingia kwa simu yenyewe." Alichagua kuwasha upya, ikarudi kwenye nembo. Akairudisha kwenye menyu, akafuta kashe, yaani takataka za muda ambazo hazigusi picha wala meseji. Nembo, giza, nembo.

"Niachie mpaka kesho," akasema. "Niifungue niangalie ndani, ama nitafute system yake niiweke upya bila kugusa vitu vyako."

"Kesho haiwezekani. Leo ni leo."

"Basi imebaki kufuta data yote. Ukifuta, imeenda, hata mimi siwezi kurudisha. Uko na backup?"

Hapa ndipo Hassan alipojichimbia shimo, wala hakuna mwingine wa kumlaumu. Miaka yote alibadilisha simu, akahamisha laini, na majina ya wateja wake yakatokea yote. Kichwani mwake kila kitu kilikaa kwenye laini.

"Iko. Vitu vyangu vyote viko kwa laini. Futa."

Kagwiria alimtazama. Alipaswa kuuliza tena, lakini foleni nyuma ilikuwa inanung'unika. Akashuka hadi mstari wa kufuta, akathibitisha.

Simu ikawaka. Ikaandika karibu, Hassan akacheka kwa sauti kama mwehu. Kisha ikazima, na nembo ikarudi.

Kagwiria akachukua bisibisi, akafungua kifuniko, akainamia ubavu wa simu. Chini ya kitufe cha kuwashia palikuwa na mafuta ya kondoo yaliyoganda kwa baridi ya asubuhi, yamekishikilia kitufe ndani kana kwamba kuna kidole kinachokibonyeza bila kuachia. Akayasafisha kwa spiriti na pamba. Simu ikawaka, ikabaki imewaka.

"Haikuwa system," akasema polepole. "Ilikuwa batani tu. Pole, mzee. Ningeifungua kwanza."

Hassan hakumsikia. Aliingiza namba yake ya siri, akarudisha WhatsApp, akasubiri namba ya kuthibitisha. Simu ikamwambia hakuna kilichohifadhiwa. Majina yakaja kutoka kwenye laini, na la Zuleka likiwemo, na picha yake ya WhatsApp amevaa buibui ya Idi. Akagusa jina. Chini yake palikuwa peupe. Akavuta juu, akavuta chini, kwa kidole kilekile kinachonuka nyama.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nilikuuliza, mzee."

"Uliniuliza."

Nyumbani majirani walikuwa wamekwisha kutandika mikeka. Binti yake Halimah alimpokea mlangoni, macho yamevimba kwa kulia.

"Baba, imepona?"

"Imepona."

"Umemsikiliza? Mama alisema nini?"

Hassan aliona haya, akaona uchungu, na kati ya hivyo viwili ulimi wake ukachagua uongo.

"Amewasalimia. Amesema msiwe na wasiwasi."

Halimah akafunika uso, akalia kwa furaha mbele ya watu wote. Kisha akajifuta kwa mtandio, akanyoosha mkono.

"Leta simu basi, na mimi nimsikie."