Mkono Kwenye Swichi

Studio ile ilikuwa na utaratibu mmoja: michoro ya video haibanduliwi ukutani mpaka mtu asiyeijua aisome bila sauti. Siku hiyo mtu huyo alikuwa shangazi yake Mchoraji, aliyepita kumletea mpwa wake ufunguo wa nyumba.

Video ilikuwa ya kampuni ya gesi, kuhusu la kufanya mtungi ukivuja. Ilikuwa kazi ya kwanza ya Mchoraji peke yake. Ikikataliwa, angerudi kupaka rangi kazi za wenzake. Afisa wa kampuni alikaa pembeni, ameridhika.

"Shangazi, tuambie unachoona," alisema bosi.

Shangazi alivaa miwani. "Mama ananusa jikoni. Ananusa tena. Bado ananusa. Huyu ana mafua?"

Bosi alicheka. "Picha tatu za kunusa, na msimulizi ameshasema kuna harufu. Moja inatosha. Endelea, shangazi."

"Halafu anawasha taa atafute panapovuja."

Kicheko kilikatika.

"Si mkono huu kwenye swichi?" aliuliza shangazi. "Na hii alama nyekundu, nadhani maana yake kazi imekwisha."

Mchoraji aliitazama upya michoro yake. Msimulizi alikuwa akisema, "Usiwashe taa," naye akayafuata maneno: mkono, swichi, taa inawaka. Alama ya kukataza ilitokea mwisho kabisa, ikapotea. Katazo lote lilibaki kwenye sauti.

"Lakini sauti itakuwepo," alisema kwa unyonge.

Bosi alimgeukia afisa. "Itaonyeshwa wapi?"

"Kwenye runinga za mawakala wetu. Sauti huwa wanazima, dukani kuna kelele." Afisa alitoa simu yake. Uso ulimbadilika. "Ile video ya majaribio ya michoro hii mliyonitumia, nilishampa wakala mmoja."

"Ile ilikuwa ya macho yako tu, bwana."

"Niliiona nzuri."

Alimpigia wakala, akaiweka simu mezani kwa spika, ikaita bila kupokelewa. Bosi alibandua picha ya swichi.

"Chora anachotakiwa kufanya. Anafunga mtungi, anafungua dirisha, anatoka na watoto. Kila tendo lipewe muda wake. Sauti itaje sababu tu, kwamba cheche ndogo ya swichi inawasha gesi."

Mchoraji alianza kuchora. Simu ikapokelewa.

"Video? Inaendelea hapa," alisema wakala. "Watu wanaielewa sana. Kuna mama katoka sasa hivi, kwake kunanuka gesi. Kasema jikoni kwake giza, anakwenda kuwasha taa atazame."

Afisa alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mkimbilie. Asiguse swichi."

Walisikia kishindo cha viatu, pikipiki ikipita, wakala akiita, "Mama! Mama, ngoja!" Shangazi alimshika mpwa wake mkono. Viatu vilizidi kukimbia, vikasimama. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, yenye kukereka kidogo:

"Kwani nimesahau chenji?"