Sifuri Nukta Mbili Moja

Picha iliingia kwenye simu ya Edith Jumamosi asubuhi, akiwa anafua mashuka uani kwake Mazwi. Alijifuta mikono kwenye kanga akaifungua. Ilikuwa picha ya ubao: duara la chaki, mistari miwili imetoka katikati mpaka ukingoni, juu ya mmoja pameandikwa sentimita 8, na kwenye pembe kati ya mistari hiyo pameandikwa 1.5 rad. Chini yake kulikuwa na majibu mawili. Urefu wa tao, 0.21. Eneo la kipande, 0.84.

"Madam, samahani kwa usumbufu," Hilaria alikuwa ameandika. "Mwalimu alitupa haya jana. Kitabu kinasema 12 na 48. Nilipomuuliza akasema kitabu kimekosea. Tufuate lipi?"

Edith alikaa juu ya ndoo aliyoifudikiza. Mwandiko ule aliujua kuliko wa mama yake mzazi. Ulikuwa wa Mwalimu Wilibrodi, aliyefundisha hisabati miaka thelathini na sita, na ambaye bila yeye Edith asingeshika chaki maishani. Alipostaafu alikataa kukaa kuota jua. Akapigilia ubao kwenye ukuta wa banda lake kule Kizwite, akaanza kuwafundisha watu wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Mwaka huu walikuwa sita, na Hilaria mmojawapo, mama wa watoto wawili, muuza dagaa wa Kipili sokoni, ambako Edith alikuwa mteja wake. Mtihani ulikuwa Novemba, na hiyo ilikuwa Septemba tayari.

Sasa kosa lenyewe, tusilifiche. Mzee alikuwa ameichukua ile 1.5, ambayo ni radiani, kipimo kingine cha pembe, akaigawa kwa 360, kana kwamba ni digrii moja na nusu. Digrii moja na nusu ni ufa tu, huwezi hata kuingiza ncha ya penseli. Na pale ubaoni, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amechora kipande kinachokaribia robo nzima ya duara. Ukingo wake ulikuwa mrefu kuliko ule mstari wa sentimita nane, mtu yeyote mwenye macho anaona. Halafu akaandika kwamba ukingo huo haufiki hata robo ya sentimita.

Edith alijitafutia visingizio. Labda miwani. Labda uchovu, baridi ya Ufipa inachosha wazee. Lakini mwalimu aliyechoka hukosea kuzidisha, hamwambii mwanafunzi kwamba kitabu ndicho kimekosea. Mwezi wa kwanza mzee alikuwa amemwambia, bila kumtazama, "Edith, mimi nasahausahau. Ukiona nawapoteza hawa watu, uniambie wewe. Usimwachie mwingine." Yeye akacheka, akasema Mwalimu bado yupo yupo sana. Akili gani ile ya kucheka? Aliyaacha mashuka kwenye beseni, akapanda bodaboda.

Mama Rozina, mke wa Mwalimu, alimpokea mlangoni, na baada ya shikamoo na marahaba akamshika mkono asiingie kwanza.

"Amenunua chaki mara tatu wiki hii," alisema kwa sauti ya chini. "Kila akirudi anaficha boksi chini ya kitanda. Mimi sisemi kitu. Nikimwondolea hili darasa, mwanangu, atabaki na nini?"

Edith aliuminya mkono wake, akapita. Alimkuta mzee bandani, ameshafuta ubao, kavaa koti na tai kama yuko kazini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Edith. Karibu. Umeniletea swali?"

Alikuwa amelijua jina lake, na moyo wa Edith ukaruka kwa furaha ya kijinga. Alimpa simu. Alikuwa ameikuza picha ili mchoro tu uonekane, majibu yasionekane.

Mwalimu alisogeza miwani. "Nusu kipenyo nane. Pembe radiani moja nukta tano." Akachukua uzi wa katani kutoka mfukoni, akaulaza juu ya meza. "Uzi huu uwe na urefu wa nusu kipenyo. Ukiulaza kwenye ukingo wa duara, pembe inayoufungua pale katikati ndiyo radiani moja. Kwa hiyo radiani moja nukta tano ni uzi mmoja na nusu. Nane na nne, kumi na mbili. Unazidisha tu, hakuna kugawa kwa mia tatu na sitini. Na eneo ni nusu ya nusu kipenyo mara tao. Nne mara kumi na mbili, arobaini na nane. Ni hivyo tu."

Edith alitamani kuishia hapo. Alitamani kumbusu ile mikono yenye chaki, aage, arudi kwenye mashuka yake. Lakini mzee alikuwa amekwishagusa kioo, picha ikarudi ukubwa wake, na majibu ya chini yakatokea.

Akayasoma. Uso wake ukakunjamana.

"Nani kaandika huu uchafu? Tao limezidi nusu kipenyo, limechorwa hapa hapa, halafu unaandika sifuri nukta mbili moja?" Alimgeukia. "Ni mwanafunzi wako?"

"Hapana, Mwalimu. Ni anayefundisha."

"Basi aondolewe. Leo. Watu wameuza dagaa, wamelima vibarua, wanataka cheti, na mtihani uko mlangoni. Huyo hana haki ya kushika chaki mbele yao."

Machozi yalimtoka Edith, hakuyazuia. Mzee alimtazama akishangaa, kisha akairudia picha. Aliuangalia ule ubao, misumari yake minne, pembe iliyomeguka upande wa kushoto. Aliinua macho akautazama ubao uliokuwa ukutani. Akafanya hivyo mara mbili.

"Lini?" aliuliza.

"Jana, Mwalimu."

"Jana nilikuwa hapa?"

"Ulikuwa hapa."

Alikaa kwenye benchi. Mama Rozina alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hakusogea. Mzee alikunja uzi wake taratibu, akakohoa.

"Wanakuja saa kumi," alisema. "Uwafundishe wewe. Usiwaambie naumwa. Waambie mimi nilikosea, ili wasije wakalibeba lile kosa mpaka kwenye mtihani."

Saa kumi walikuja wote sita. Edith alichora duara, akawaambia kama alivyoagizwa. Hakuna aliyecheka. Hilaria aliinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye mwenye hatia, maana ile picha ilitoka kwake. Mwalimu Wilibrodi alikuwa amekaa benchi la nyuma, daftari jipya mapajani, akinakili kila mstari. Edith alipomaliza tao na kuanza eneo, aliona mkono umenyooshwa kule nyuma, umevaa koti.

"Samahani, Madam," mzee alisema kwa adabu. "Hiyo moja nukta tano, si unaigawa kwanza kwa mia tatu na sitini?"

Darasa zima lilitazama chini. Edith aligeuka kutoka ubaoni.

"Hapana," alimjibu. "Hiyo ni radiani. Unazidisha tu. Ngoja nianze tena pale mwanzo."

Akafuta ubao akaanza upya, polepole, na mzee akafungua ukurasa mwingine akaandika.