Simu ya Mang'ola

Kampuni ya Nairobi inayoagiza vitunguu Tanzania ilitaka mtu wa kutafsiri. Mtihani ulikuwa simu: bosi, Bi Nekesa, ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga, anasema Kiingereza, wewe unamfikishia kwa Kiswahili Mzee Akonaay, mkulima wa Mang'ola.

Aliyenitangulia alitafsiri neno kwa neno: "Tuma magunia leo!" Mzee akakata simu.

Zamu yangu nikaanza, "Shikamoo, mzee. Habari za nyumbani? Mvua je?"

"Sijasema hayo!" Bi Nekesa akafoka.

Nikamwashiria angoje. "Naomba magunia yaondoke leo, mzee wangu."

"Yanapakiwa, mwanangu."

Kazi nikapata. Nikampigia shangazi yangu wa Moshi, aliyekuwa akininyima chai mpaka nimwamkie.

"Shangazi, nimepata kazi! Asante kwa kunilea!"

Shangazi akaguna.

"Mbona hujaniamkia?"