Jedwali Lililojazwa Kutoka Juu

Puto la njano lilikuwa moja tu ukumbini, na lilining'inia juu ya meza ya mdogo wake. Hilo ndilo lililomfanya Jedwali, jaji aliyepewa jina hilo kwa ustadi wake wa majedwali, ashindwe kukaa.

Mashindano ya kuandika programu yana desturi yake. Timu ya watu watatu, kompyuta moja, maswali kumi, na kila swali likitatuliwa puto la rangi ya swali hilo linafungwa mezani, ili wapiga soga wote waone nani anampiku nani. Maputo mekundu yalikuwa yamejaa ukumbi mzima, ya bluu hivyo hivyo. La njano lilikuwa la swali alilolitunga Jedwali, akalipigia kifua kwamba ni la wastani. Sasa timu ishirini na kitu zilikuwa zimelivaa, zote zimepigwa mweleka, isipokuwa moja. Na hiyo moja nahodha wake ni Kitinda, mdogo wake wa mwisho, tumbo moja.

Jedwali alitoka kwenye kioo cha chumba cha majaji, kilichotazama ukumbini, akaenda kwenye birika, akarudi na kikombe kitupu.

"Kaa chini, dada, unatutia kizunguzungu," alisema Redio. Huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuyapima maswali kabla hayajawafikia watu, na jina alipewa kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. "Nimetoka kwenye chai sasa hivi. Unajua makocha wanasema nini? Wanasema dada mtu kapika, mdogo mtu kapakuliwa."

"Nani kasema?"

"Wote. Hata yule wa miwani, mpole, anayeonekana kama hajui kusengenya."

Bosi, mama mtu mzima aliyekuwa mkuu wa jopo la majaji, hakuinua kichwa kutoka kwenye skrini yake. "Undugu wao ulitangazwa tangu mwanzo. Jedwali haruhusiwi kufungua kazi ya timu ile, na hajaifungua. Waache waseme."

Kusema ni rahisi. Shindano lilikuwa na nafasi moja tu ya kwenda fainali kubwa, na Kitinda alikuwa mwaka wa mwisho. Baada ya leo kanuni hazimruhusu tena kushindana. Mama yao alikuwa ameshawaambia majirani wote kuwa mwanawe anapanda ndege. Kwenye ubao wa matokeo timu yake ilikuwa juu ya wenzake kwa swali moja. Swali la njano.

Swali lenyewe mtu analielewa akiwa amesimama. Unapewa mfuatano wa herufi. Ukate vipande, kila kipande kisomeke sawa ukianzia mbele au nyuma, kama *aya* au *ada*. Herufi moja peke yake inakubalika. Je, mikato michache kabisa inayotosha ni mingapi? Utamu wake ni kwamba herufi zinaweza kufika elfu tano. Ukiwa unakisoma upya kila kipande kila unapokihitaji, kompyuta inakata pumzi na mfumo unakurudishia "muda umepita". Kwa hiyo unatengeneza jedwali kwanza. Safu za mlalo zinaonyesha kipande kinaanzia wapi, nguzo za wima zinaonyesha kinaishia wapi, na kwenye kila kisanduku unaandika ndiyo au hapana. Kisha ndipo unapohesabu mikato, na kila ukitaka kujua habari za kipande unachungulia tu.

"Wenye haraka wameumia," Redio aliendelea, bila kuulizwa. "Wanaanzia mwanzo, wanakata kipande kirefu wanachokiona, wanasonga. Mpe mtu kama huyo *aaba*. Atakata *aa*, abaki na *b*, na *a*: mikato miwili. Kumbe ungekata *a*, halafu *aba*, mkato mmoja umemaliza. Tamaa hiyo!"

"Hao ni wachache," alisema Bosi. "Wengine wote wamerudishiwa 'jibu si sahihi', na hawana tamaa. Nimezisoma kazi tatu. Sioni kosa."

Jedwali aliacha kuzunguka. Akaweka kikombe chini.

Wakati huo kwenye skrini ya maulizo likaingia swali kutoka meza ya mbali. Timu zinaruhusiwa kuuliza majaji jambo lisiloeleweka, na mara nyingi hujibiwa "soma swali tena". Redio alilisoma kwa sauti, akacheka hadi akashika meza.

"Sikilizeni ujeuri huu! 'Waheshimiwa majaji, naomba kujua neno *uzuzu* linahitaji mikato mingapi.' Wanatuita mazuzu hawa!"

"Waandikie wasome swali tena," alisema Bosi.

Lakini Jedwali alikuwa ameshavuta kiti. Hakuketi, alipiga goti moja juu yake, akaandika *uzuzu* kwenye programu yake mwenyewe, ile iliyozalisha majibu rasmi ya shindano zima. Neno lile linasomeka sawa mbele na nyuma, halihitaji kisu. Jibu ni sufuri.

Programu ikamwambia mbili.

Akafungua faili ya majaribio ambamo alikuwa amepanga herufi *a* tupu, elfu tano, mstari mmoja. Hapo napo hakuna cha kukata. Jibu rasmi lililoandikwa pembeni lilikuwa mikato elfu moja mia sita sitini na sita. Vipande vya herufi tatu tatu. Programu yake haikuwa imewahi kukiona kipande kirefu kuliko hapo.

"Redio. Ulipopima swali langu, jedwali uliliandika mwenyewe?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Redio alipunguza sauti. "Sehemu ya mikato niliandika mwenyewe," alisema. "Jedwali nilichukua lako. Wewe si ndiye Jedwali? Nani angekusahihisha? Na nililinganisha na njia ya polepole kwenye mifuatano mifupi."

"Mifuatano gani?"

"Ya kubahatisha. Herufi zote za alfabeti."

Basi ndiyo hivyo. Ukimwaga herufi ovyo, kipande cha herufi nne au tano kinachosomeka pande zote mbili ni nadra kama mvua ya mawe. Hakikutokea, hakuna aliyestuka.

Kosa lenyewe alishaliona, na aliliona jinsi mtu anavyoiona nguo yake imechanika akiwa katikati ya harusi. Kipande kirefu kinakubalika kama herufi zake mbili za pembeni zinafanana na cha ndani yake nacho kinakubalika. Cha ndani kinaanza hatua moja mbele, maana yake kiko safu ya chini. Kwa hiyo jedwali hili linajazwa kutoka safu ya chini kupanda juu, au kuanzia vipande vifupi kwenda virefu. Yeye alijaza kutoka juu, kama alivyozoea. Kila alipouliza safu ya chini alikuta haijaandikwa, na kisanduku kisichoandikwa kinasomeka hapana. Vipande vya herufi moja hadi tatu vilipona kwa sababu hivyo havina haja ya kuuliza ndani.

Halafu likamjia la pili, na hili lilikuwa baya zaidi. Kama majibu rasmi yana kosa, basi aliyelingana nayo anafanya kosa lile lile. Hakuhitaji kuifungua kazi ya Kitinda. Alijua kilichomo. Ni yeye aliyemfundisha kujaza majedwali, nyumbani, kwenye meza ya kulia, akimshika mkono: anza juu, kushoto kwenda kulia, shuka. Majedwali mengi yanakubali hivyo. Hili halikubali.

Nani ataamini hayo? Swali la dada, kosa la dada, na mdogo mtu peke yake amelipatia kwa kosa lile lile.

"Bosi," alisema, "majibu yetu ni mabovu. Waliokataliwa wengi wako sahihi."

Akaeleza, amesimama, mikono haitulii. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unajua puto liko kwa nani."

"Najua."

"Kuna njia mbili. Tunaweza kulifuta swali hili kabisa, kila timu ibaki na yaliyosalia. Hakuna atakayeuliza nani alikosea vipi. Au tusahihishe majibu, tuzihukumu upya kazi zote."

Redio akarukia. "Futa! Jamani, futa! Ukihukumu upya, waliopata watapata, yule mmoja atakosa, na ukumbi mzima utajua alifanana na nani. Watakumaliza, dada. Mimi nawajua, mimi ni mmoja wao."

Kufuta kulikuwa na utamu wake, na Jedwali aliuonja. Kitinda angepoteza puto, lakini jina lake lingebaki safi, na la dada yake vilevile. Alitazama kwenye kioo. Kwenye meza ya mbali binti mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kibodi, wenzake wakibishana juu yake. Hao ndio waliouliza *uzuzu*. Walikuwa wameandika kazi sahihi, wakakataliwa, wakaikagua hadi macho yakawatoka.

"Wahukumiwe upya," alisema. "Na tangazo liseme kosa ni la mtunzi wa swali."

Akarekebisha programu. Ilikuwa badiliko la mstari mmoja; safu zikaanza kuhesabiwa kutoka chini. Bosi mwenyewe aliandika jedwali lake kando, kwa njia ya vipande vifupi kwanza, wakalinganisha. *Uzuzu*, sufuri. Herufi *a* elfu tano, sufuri. Kisha Bosi akabonyeza.

Tangazo lilipotoka ukumbi ulilipuka. Maputo ya njano yalianza kugawiwa upande huu na ule, meza ya mbali ikapiga yowe, na mgawaji mmoja akaenda kwa Kitinda, akafungua fundo, akaondoka nalo. Kitinda alisimama, akatazama moja kwa moja kwenye kioo. Jedwali hakuthubutu hata kupepesa jicho. Ishara yoyote ingekuwa ya kubebana.

Kijana akaketi, akavuta karatasi, akachora jedwali. Hata kwa mbali dada yake aliuona mkono: juu, kushoto, unashuka. "Siyo huko, jamani," alinong'ona, akijibana vidole. Mwenzake, binti mfupi mwenye skafu, alimnyang'anya penseli, akaanza upande mwingine wa karatasi.

Walituma tena karibu na mwisho. Bosi alisema, bila kugeuka, "Wamepata." Maswali yakalingana, lakini wanaolingana hupangwa kwa muda, na muda uliopotea ulishaingia kwenye hesabu, na meza ya mbali ilibaki mbele yao. Nafasi ilikuwa moja.

Jedwali alimkuta Kitinda koridoni, begi begani, wenzake wakimsubiri mlangoni. Watu walipita wakipunguza mwendo, masikio wazi.

"Ni wewe uliyesema?" aliuliza Kitinda.

"Ni mimi."

"Wangefuta tu, dada. Nasikia ilizungumzwa."

Redio, bila shaka. "Ilizungumzwa. Wale wenzenu walikuwa sahihi tangu mwanzo."

"Na mimi?"

"Wewe ulinifuata mimi."

Kitinda akahamishia begi bega la pili. "Mama utamwambia wewe," alisema.

"Nitamwambia."

"Yote. Na ile ya meza ya kulia pia."

Akatoka na wenzake. Jedwali alibaki amesimama katikati ya wapita njia, simu mkononi, jina la mama limeshafunguliwa kwenye skrini, kidole kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, mpaka alipobonyeza.