Sauti ya Papa Eugène

Debe tupu haliachi kuvuma, ndivyo Fanny, mtafiti wa shirika moja, alivyomwazia Papa Eugène toka alipomsikia. Tena alimchukia kidogo, tusifichane. Siku ile ya kwanza, kwenye kikao cha wababa pale kijijini Lubondja, kila swali Fanny alilouliza kuhusu kwa nini wazazi wanawatoa watoto shuleni, mzee huyo alilidaka yeye.

"Muzazi mwenye anatosha mutoto ku masomo ni muvivu tu!"

Wababa wengine wakaitikia: "Ni vile Papa Eugène anasema."

Mkubwa wake wa kazi huko mjini Baraka aliposikiliza kinasa sauti, akafurahi. Basi wazazi wahubiriwe, akasema. Fedha za kuwasaidia karo hazina haja. Fanny alijua kwamba hicho alichokisikia kilikuwa kinywa kimoja na mwangwi wake. Akaomba arudi mara moja tu, na akaandika upya mwongozo wake wa maswali.

Safari hii alimketisha Papa Eugène ubavuni pake, asiweze kumkodolea macho na kudaka kila swali. Kabla mtu hajasema neno, kila baba alipewa punje ya hindi na punje ya haragwe. Aliyewahi kumtoa mtoto shuleni atumbukize haragwe kwenye chungu. Ambaye hajawahi, hindi. Kila mmoja aliinuka peke yake, akaenda nyuma ya pazia. Hapo hapakuwa na wa kumwitikia mwenzake.

Fanny alikuwa na hamu mno. Badala ya kwenda pembeni kuhesabu, akakimwaga chungu mkekani mbele ya wote.

Maharagwe matupu.

Hakukuwa na hindi hata moja. Wababa walitazama mkeka, halafu wote kwa pamoja wakamtazama Papa Eugène. Fanny akaelewa alichokifanya: kura ya siri, ikiangukia upande mmoja, humvua nguo kila aliyepiga. Na mtu akibabaika hushika kilicho karibu. Yeye akashika karatasi yake na kusoma swali lililofuata, alilolitunga mwenyewe akiwa ofisini, bila kufikiri litamwangukia nani.

"Na ule mutoto, leo iko wapi?"

Alipaswa kuuliza habari za mzazi yeyote wa kijiji, si za hawa waliokaa mbele yake. Alilijua hilo neno lilipokwisha kumtoka.

Papa Eugène alijibu kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Njo mi nilimutosha Merveille, mutoto wangu mwanamuke, juu kaka yake amalize masomo. Akaenda Lulimba, kusafisha muchanga ya zahabu. Udongo ikamuangukia. Hata kumuzika, hatukumupata."

Fanny akanyoosha mkono azime kinasa sauti. Mzee akamzuia.

"Acha isikie," akasema, machozi yakimchuruzika kwenye ndevu. "Sasa uliza bale bengine, mama. Mi nilibazibaka kinywa siku mingi."