Uliza Kama Una Swali

Mwaka 1956, sisi wa darasa la mwisho la shule yetu pale Tororo, Uganda, tulikusanywa ukumbini kumsikiliza Mwalimu Ekaju, aliyetushauri kuhusu kazi. Mkuu wa shule, Mzungu asiyecheka hata kwa bahati mbaya, alikaa mbele kuhakikisha hatupotoshwi.

"Siku ya usaili mtaachwa nje juani mpaka mjione hamna maana," alianza Mwalimu Ekaju. "Msikasirike mapema. Vyeti mkononi, viatu safi. Usikae kabla hujaambiwa. Meneja akikuuliza, mtazame usoni. Nyumbani tunainamisha macho mbele ya wakubwa, na hiyo ni adabu, lakini yeye atadhani unaficha kitu. Usilolijua, sema hulijui. Kisha atauliza kwa nini unaitaka kazi."

Mkuu akadakia. "Wamjibu kwamba wanataka kuitumikia kampuni."

"Jibu hilo analisikia kutwa nzima," alisema Mwalimu, bila hata kugeuka. "Toeni sababu yenu wenyewe. Na mwishoni atauliza kama mna swali. Msiseme hamna. Yeye anawapima, nanyi mpimeni."

Mkuu alitoka bila kuaga. Tulijua Mwalimu atakiona cha mtema kuni, na bado tulimpigia makofi mpaka viganja vikauma.

Juma lililofuata nilikwenda Busia, kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, kuomba ukarani wa mizani. Baba alikuwa amefariki, na nyumba nzima kule kijijini Iyolwa ilinitegemea mimi, Okiror. Wenzangu walionitangulia walitoka mmoja mmoja. Wote walikuwa wamejibu kwamba wanataka kuitumikia kampuni.

Zamu yangu ikafika. Meneja akaniuliza kwa nini naitaka kazi ile. Niliogopa, kusema kweli, lakini nilimtazama usoni.

"Mama yangu huleta pamba hapa, bwana. Gunia linalomvunja mgongo njiani, likifika kwenye mizani yenu huwa jepesi. Nataka mizani isomwe na mtoto wa mkulima."

Akaweka kalamu chini. "Unatuita wezi?"

"Hapana, bwana. Umeniuliza, nimejibu."

"Basi kazi huna." Akatabasamu kwa dharau. "Una swali?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, wakulima walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Karibu na mizani, mafundi waliokuwa wakijenga ghala walikuwa wameweka mifuko ya saruji, kila mmoja umepigwa chapa ya uzito wake.

"Ninalo," nilisema kwa sauti ya kufika foleni. "Mfuko ule wa saruji umeandikwa uzito. Mizani yenu itasema vilevile?"

Meneja akafunga dirisha kwa kishindo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Nilipotoka nje, mama mmoja aliyekuwa mbele kabisa, Akwi wa kijiji cha Sikuda, alikuwa ameketi juu ya gunia lake.

"Mimi napima hapana," alimwambia karani aliyekuwa akipima. "Weka saruji kwanza."

Nyuma yake foleni yote ikaketi. Sikupata kazi. Lakini siku ile hakuna gunia la pamba lililopanda mizani kabla ya saruji.